Saba, Sita, Tano… Ngoja Kwanza! Maswali Yanayotangulia Ratiba ya Mazoezi

Ujumbe uliingia saa tano usiku: "Shikamoo kocha. Naomba ratiba ya mazoezi ya wiki nne. Asante."

Basi. Umri haupo, lengo halipo, maradhi hayapo, muda wa kufanyia hayo mazoezi haupo. Kilichopo ni adabu na idadi ya wiki. Ni sawa na kumwandikia fundi cherehani "naomba suruali" halafu ukalala. Fundi hodari hagusi mkasi kabla ya kukupima kiuno.

Mimi vipimo vyangu ni maswali saba. Nayahesabu kurudi nyuma, kama watu wanavyohesabu kabla ya mbio kuanza. Manne ya mwanzo ni ya usalama, matatu ya mwisho ndiyo yanayoipa ratiba umbo lake. Mpangilio huo siuvunji hata kwa mtu mwenye haraka, na kisa cha muungwana huyu kinaonyesha sababu. Amenipa ruhusa ya kukisimulia, mradi jina lake libaki kwake.

7. Daktari aliwahi kukwambia una tatizo la moyo au presha?

Swali hili ndilo linaloanza kwenye fomu iitwayo PAR-Q, iliyotungwa Kanada miaka ya 1970 na ambayo walimu wa mazoezi wa nchi nyingi wanaitumia hadi leo. Toleo la sasa, PAR-Q+, linaanza na maswali saba ya ndiyo au hapana. Ukijibu hapana kwa yote, unaweza kuanza taratibu. Ukijibu ndiyo hata mara moja, unaulizwa zaidi, na huenda ukaelekezwa kwa daktari.

Muungwana huyo akajibu: "Presha ninayo, kocha, ila ya kawaida."

"Ya kawaida ni ile isiyohitaji vidonge. Wewe unameza?"

"Nameza amlodipini. Nikikumbuka."

Hilo "nikikumbuka" lina uzito kuliko chuma chochote cha jimu. Dawa ya presha haifanyi kazi kwa kumbukumbu za siku ya Ijumaa peke yake. Nikamwomba apime kabla hatujaendelea: akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu yote miwili sakafuni, mkono umelazwa juu ya meza usawa wa moyo, na asiwe ametoka kunywa kahawa. Akaleta 148 kwa 92. Ni juu, na lazima daktari wake aijue, lakini peke yake haimzuii mtu kutembea. Ingekuwa 180 kwa 110 au zaidi, mazungumzo ya mazoezi yangeishia hapo na yangeanza ya hospitali.

Ipo sababu nyingine ya kuuliza mapema. Mtu akinyanyua kitu kizito huku amebana pumzi, presha yake hupanda ghafla, na akiachia hushuka ghafla vilevile. Kijana mzima huona nyota kidogo akaendelea. Mwenye presha isiyotulia anacheza na mishipa ya ubongo. Ndiyo maana kwa watu kama yeye naandika kabisa kwenye ratiba: toa pumzi wakati wa kusukuma, vuta wakati wa kurudi. Ukijikuta umenuna kama mtu anayesukuma gari bovu, punguza uzito.

6. Kifua kinabana, kinalemea au kinawaka unapojishughulisha? Umewahi kuzirai?

Tazama nilivyoliuliza. Siku za nyuma nilikuwa nikiuliza "unaumwa kifua?" na watu wanajibu hapana kwa moyo mweupe kabisa. Sio waongo. Kwao maumivu ni kile kitu kinachochoma. Kinachobana wanakiita gesi, kinacholemea wanakiita uchovu, kinachowaka wanakiita vidonda vya tumbo. Mishipa ya moyo ikiwa myembamba, mara nyingi mtu hasikii kisu. Husikia kama amekaliwa kifuani.

Yeye naye alianza na hapana. Nikamuuliza tena kwa maneno yale matatu. Akanyamaza kidogo, kisha akaandika: "Kubana kunakuwepo nikipanda ngazi. Nikisimama kunaachia. Ni gesi, kocha. Nilikula maharage."

"Maharage yanajua ngazi?"

Utani ule ulikuwa na uchunguzi ndani yake. Gesi haina ratiba. Humjia mtu amekaa, amelala, yuko kwenye daladala. Kubanwa kunakokuja kila ukijitahidi na kuondoka dakika chache baada ya kupumzika ni tabia ya moyo unaodai damu nyingi kuliko inayopita. Si uthibitisho, maana mimi si daktari wala simu yangu si mashine ya kupima moyo, lakini ni sababu ya kutosha kusimamisha kila kitu.

Hesabu ikasimama kwenye sita. Ilisimama wiki tatu.

Nilimpa maagizo mawili tu. La kwanza, aende hospitali wiki hiyohiyo, na akifika asiseme "nataka cheti cha mazoezi". Aseme "nabanwa kifua nikipanda ngazi, nikipumzika kunaacha", kwa sababu sentensi hiyo daktari anaielewa mara moja. La pili, kama kubanwa kungekuja akiwa amepumzika, au kungekataa kuondoka, au kungefuatana na jasho baridi, kichefuchefu, ama maumivu yanayokwenda kwenye taya au mkono, asisubiri kupambazuke. Aende idara ya dharura papo hapo, tena asijiendeshe mwenyewe.

Alienda. Akapimwa umeme wa moyo akiwa amelala, kisha akatembezwa kwenye mashine huku akifuatiliwa. Kipimo cha kulala peke yake kinaweza kutoka safi, kwa kuwa moyo uliotulia haudai kitu. Gesi ilikanushwa. Moyo ndio uliokuwa ukiomba msaada, na alikuwa amewahi kabla haujapiga kelele.

5. Unameza dawa gani, na unazimeza kweli?

Alirudi na mfuko. Amlodipini ilibaki, sasa ikiwa na saa maalumu. Zikaongezwa atenololi na aspirini, pamoja na kidonge kidogo cha kuweka chini ya ulimi pale kifua kinapobana. Alirudi pia na kauli ya daktari wake: kutembea kunaruhusiwa, kuanzia taratibu, chini ya kiwango kinachomletea kubanwa.

"Sasa nimenunua na saa ya mkononi inayopima mapigo," akaniambia kwa furaha.

"Hongera. Itakuonyesha muda vizuri sana."

Sikumdhihaki, na nilimweleza sababu. Atenololi hufanya kazi kwa kuyapunguza mapigo ya moyo, hivyo hata mtu akijitahidi hayapandi kama ya mwingine. Hesabu maarufu ya kutoa umri kwenye 220 inampa mtu wa miaka 52 kilele cha mapigo 168, na asilimia 70 yake ni kama 118. Akiifukuza namba hiyo huku dawa ikimshika breki, anaweza kujichosha kupita kiasi akidhani bado hajaanza. Kwa mtu wa dawa hizi kipimo ni mdomo: ukiweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko mahali pazuri. Ukiweza kuimba ubeti mzima wa taarabu na vionjo vyake, ongeza mwendo. Ukibaki na neno mojamoja, punguza.

Wenye sukari nao nawauliza majina ya dawa, sio "ile ya sukari" pekee. Anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari katikati ya mazoezi, kwa kuwa misuli nayo inaila. Kipimo kikisoma chini ya 5 kabla ya kuanza, ale kwanza, ndizi mbivu kwa mfano, asubiri, apime tena. Jasho baridi, kutetemeka na njaa ya ghafla ni ishara za kukaa chini na kunywa kitu chenye sukari, hata kama zimebaki dakika mbili.

4. Kiungo gani kinakulalamikia? Na kuna hali nyingine mwilini?

"Goti la kulia. Ila linaniuma nikishuka ngazi tu."

"Basi usishuke."

"Nikilala huko juu, mke wangu atakuja na maswali kuliko yako."

Goti linalouma kwa kushuka, lisilovimba, lisilokwama na lisilolegea ghafla, kwa kawaida huvumilia mazoezi, tena huyahitaji. Misuli ya paja ikipata nguvu, goti hupunguziwa mzigo. Kanuni yangu ni hii: maumivu madogo wakati wa zoezi yanakubalika kama kesho yake yamerudi yalipokuwa. Yakiwa yamezidi kesho yake, jana tulizidisha. Goti lililovimba, linalokwama au linalomwangusha mtu linaanzia kwa mtaalamu wa fiziotherapia, ndipo lije kwangu.

Hapahapa ndipo mwanamke huulizwa kama ana mimba au amejifungua karibuni. Swali hilo halipaswi kuachwa kwa aibu. Mjamzito mwenye ruhusa ya kliniki anaweza kuendelea na mazoezi, ila baada ya miezi mitatu ya mwanzo mazoezi ya kulala chali hubadilishwa. Aliyejifungua kwa upasuaji hapewi mazoezi ya tumbo kwa sababu tu amechoka kuulizwa "bado mwingine?"

Na mwenye homa leo, jibu ni moja: pumzika, kapime. Malaria haitoki kwa jasho.

3. Una miaka mingapi?

Hapa ndipo nilipopata mshangao wangu. Alikuwa amenipa shikamoo, nami nikapokea marahaba bila wasiwasi. Kumbe ana miaka 52, mimi nina 41.

"Shikamoo yako ilikuwa ya nini sasa?"

"Ya ukocha. Umri ningekupa ungeniuliza."

Nikamrudishia shikamoo yake siku ileile, na tangu hapo namwita kaka mkubwa.

Watu wanashangaa ninavyouweka umri nafasi ya tatu kutoka mwisho. Sababu ni kwamba umri peke yake haumkatazi mtu kitu. Unabadilisha tu kile ninachokitafuta. Mtu akizidi miaka 35 hivi, moyo unaosimama mazoezini mara nyingi huwa na mishipa iliyoziba. Chini ya hapo, mara nyingi ni kasoro ya kuzaliwa nayo. Mwanasoka Marc-Vivien Foé wa Kameruni alikuwa na miaka 28 alipoanguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003, na akafariki. Uchunguzi ulionyesha misuli ya moyo iliyokuwa minene isivyo kawaida. Fabrice Muamba, mwanasoka mzaliwa wa Kinshasa, alikuwa na miaka 23 alipoanguka London tarehe 17 Machi 2012. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78, lakini aliokolewa, yu hai.

Kwa hiyo kijana wa miaka 20 namuuliza swali ambalo hulitarajii kwa kijana: kuna ndugu yenu wa damu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 50? Umewahi kuzirai ukiwa unakimbia? Na mwenye zaidi ya miaka 65 namuongezea mazoezi ya kusimama imara siku tatu kwa wiki, kwa kuwa kwake anguko moja bafuni linaweza kumgharimu nyonga. Wachezaji wale wawili wanatufundisha na mpaka wa maswali haya: hayamnasi kila mtu. Yanawanasa wengi ambao dalili zao zilikuwa wazi na hakuna aliyewauliza.

2. Unataka nini hasa?

"Nipate pumzi, kocha. Nina stoo Kariakoo, ghorofa ya nne, lifti haifanyi kazi. Nataka nipande bila kusimama njiani."

Soma tena jibu la sita. Ngazi ni zilezile.

Hapo ndipo ulipo moyo wa jambo lote. Lengo lake na dalili yake vilikuwa kitu kimoja kilichovaa nguo mbili. Ningeanza na swali la lengo, kama ratiba nyingi zinavyofanya, ningesikia "ngazi" na nikafurahi, kwa kuwa ngazi ni lengo safi, linapimika na lina tarehe. Ningempa ngazi: ghorofa moja wiki ya kwanza, mbili ya pili, "ukibanwa vumilia, mwili unazoea." Ratiba ingekuwa nzuri kabisa kwenye karatasi. Kila asubuhi ingempeleka mtu mwenye mishipa myembamba kwenye kile hasa kinachomziba pumzi, tena peke yake, saa kumi na mbili, kwenye jengo lisilo na watu.

Anayesema "nataka kuondoa kitambi" naye anahitaji kuulizwa zaidi. Mazoezi ya tumbo hayachagui mafuta ya tumbo. Yanaimarisha misuli iliyo chini yake, na mafuta huondoka mwilini kwa mpangilio wake yenyewe, sehemu kubwa ikitegemea sahani. Ukimpa pushapu mia mtu ambaye tatizo lake ni soda tatu kwa siku, umemchosha mtu na soda imebaki salama.

1. Una dakika ngapi, siku gani, saa ngapi?

"Muda ninao mwingi tu."

"Jana ulifanya mazoezi saa ngapi?"

"Jana nilikuwa na kazi."

Muda mwingi ni muda usio na saa. Tukaukata: duka analifungua saa mbili asubuhi, msikitini anatoka kabla ya saa kumi na mbili. Katikati yake zipo dakika 25 safi, siku nne: Jumatatu, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Jumla dakika 100.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawashauri watu wazima kufikia dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Mia moja haijafika. Lakini mwongozo huohuo uliachana na sharti la zamani kwamba mazoezi yahesabiwe yakifika dakika kumi mfululizo. Sasa kila dakika inahesabika, hata ya kushuka daladala kituo kimoja kabla. Na mtu aliyetoka hospitali hapewi dakika 150 wiki ya kwanza kwa sababu shirika limezitaja. Anapelekwa huko taratibu.

0. Haya, sasa anza

Ratiba yenyewe, baada ya safari yote hiyo, ni fupi kuliko maswali yake.

Wiki ya kwanza ni kutembea tu, barabara tambarare, siku zote nne: dakika tano polepole, kumi kwa mwendo wa kuongea bila kuimba, tano polepole tena. Zile za mwisho ni sehemu ya dawa. Moyo haupendi kusimamishwa ghafla, na dawa za presha zinaweza kumfanya mtu apate kizunguzungu akisimama ghafla. Kidonge cha chini ya ulimi kiko mfukoni, simu iko mfukoni, na mwenzake wa msikitini yuko pembeni.

Wiki ya pili mwendo wa kati unafika dakika kumi na tano. Jumanne na Jumamosi unapungua ili kupisha mazoezi matatu: kukaa kwenye kiti na kuinuka mara nane, kusukuma ukuta kwa mikono mara nane, kunyanyua visigino mara kumi. Kila moja mizunguko miwili, pumzi ikitoka wakati wa kusukuma.

Wiki ya tatu inaletwa ngazi moja ya chini, ya mlangoni nyumbani kwake. Anapanda na kushuka polepole akishika ukuta, mara sita. Goti tumelifundisha msemo: mguu mzima hupanda kwanza, mguu mgonjwa hushuka kwanza.

Wiki ya nne, Kariakoo. Ghorofa mbili, anasimama dakika mbili kwa mpango, sio kwa kushindwa, halafu mbili za mwisho, mikono mitupu bila mzigo. Kushuka ni kwa kushika reli.

Sheria moja inatawala wiki zote: kikibana, simama, kaa, kidonge chini ya ulimi. Dakika tano zikipita bila nafuu, hospitali. Kikibana kisha kikaacha, mazoezi ya siku hiyo yameisha na daktari anaarifiwa, hata kama raba ni mpya.

Alinitumia picha Jumamosi ya mwisho: mlango wa stoo, na kivuli chake ukutani. Chini yake ameandika: "Nimesimama mara moja, kwa mpango. Hakijabana. Sasa kocha, naomba ratiba nyingine."

Nikamjibu kwa swali. Akacheka, halafu akaandika ombi la pili, na nawaachia mlinakili kwa sababu sijapata kupokea zuri kuliko hilo:

"Nina presha na moyo, nafuatiliwa na daktari, kliniki ya mwisho wiki iliyopita, presha 132 kwa 84. Kifua hakijabana wiki mbili. Nameza amlodipini, atenololi na aspirini kila siku, sio nikikumbuka. Goti la kulia, nikishuka tu. Miaka 52. Nataka ghorofa nne bila kusimama. Dakika 25, siku tano sasa, baada ya alfajiri. Na shikamoo unipe wewe."